Kaya 806 zenye nguvu ya kaya 197: kisa cha sampuli ya klasta na athari ya usanifu

## Usuli

Mradi mmoja wa maji ulifikia mwisho wa awamu yake ya kwanza katika eneo lenye kaya zinazokadiriwa kuwa 46,000. Mkataba ulisema awamu hiyo ifungwe, na rasilimali zihamishiwe eneo jingine, endapo itathibitika kwamba zaidi ya asilimia 55 ya kaya zinapata maji salama ndani ya dakika 30, yaani kwenda chanzoni, kusubiri foleni na kurudi. Pamoja na hilo, wafadhili walitaka kujua ni asilimia ngapi ya watoto wa chini ya miaka 5 waliharisha katika wiki 2 zilizotangulia mahojiano. Kazi ilikabidhiwa timu ya utafiti ya nje.

Majina ya mahali, taasisi na watu yameondolewa, na takwimu zimerekebishwa kidogo ili eneo lisitambulike. Uwiano kati ya takwimu hizo umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu ndio unaobeba somo lenyewe.

Timu ilikuta orodha ya sensa yenye maeneo 412 ya kuhesabia watu, kila moja likiwa na idadi ya kaya zilizohesabiwa wakati wa sensa. Maeneo ya mjini yalikuwa na jumla ya kaya 12,000, ya vijijini 34,000. Orodha ya kaya zenyewe haikuwepo popote.

## Kwa nini klasta

Kama orodha ya kaya zote ingekuwepo, njia rahisi kuchambua ingekuwa sampuli nasibu sahili: chota kaya moja moja kutoka orodha nzima. Kwa asilimia inayokaribia 50 na ukingo wa kosa wa pointi 5 juu au chini, hesabu ya kawaida inatoa kaya 385. Lakini ili kuzichota ingebidi kwanza ziorodheshwe kaya zote 46,000, kisha wadadisi wazunguke eneo zima kuitafuta nyumba moja hapa na nyingine mbali kule. Sehemu kubwa ya muda wa kazi ingeishia njiani.

Sampuli ya klasta ya hatua mbili inaondoa mizigo yote miwili. Hatua ya kwanza unachagua maeneo machache ya kuhesabia watu, na hayo ndiyo klasta. Hatua ya pili unaorodhesha kaya za maeneo hayo tu, na kutoka kila orodha unachota idadi ileile ya kaya.

Kinacholipwa kwa unafuu huo ni taarifa. Majirani hufanana. Bomba likifika kitongoji fulani, kaya zake karibu zote zina maji, na lisipofika, karibu zote hazina. Ukishamhoji mtu wa tatu katika kitongoji hicho, wa nne hakuongezei mengi. Kadiri kaya za klasta moja zinavyofanana, ndivyo mahojiano mengi yanavyogeuka kuwa marudio ya jambo lile lile.

Kiasi cha hasara hiyo ndicho kinachoitwa athari ya usanifu, kwa kifupi *deff*: ni mara ngapi variansi ya makadirio yako ni kubwa kuliko ile ambayo ungeipata kwa sampuli nasibu sahili ya kaya idadi ileile. Fomula ya kupangia, iliyoenezwa na Leslie Kish katika miaka ya 1960, ni fupi:

```
deff = 1 + (m - 1) * rho
```

Hapa *m* ni wastani wa mahojiano kwa klasta, na *rho* ni kiwango cha kufanana ndani ya klasta. Rho ikiwa 0, majirani hawafanani zaidi ya watu wowote wawili wa eneo zima; ikiwa 1, klasta nzima ina jibu moja.

## Kuamua ukubwa wa sampuli

Rasimu ya kwanza ya mpango ilifuata mazoea: kaya 385, zidisha kwa deff ya 2, ongeza akiba kidogo kwa wasiopatikana, upate kama kaya 810, kisha zigawe katika klasta 30 za kaya 27. Namba 30 na namba 2 zote zina asili moja. Katika tathmini za chanjo za Shirika la Afya Duniani, mpangilio wa klasta 30 zenye watoto 7 kila moja ulijengwa juu ya ukingo wa pointi 10 na deff ya 2. Hesabu ilidai watoto 96 mara 2, yaani 192, ikapandishwa hadi 210. Mpangilio huo ulikuwa na mantiki kwa kiashiria chake na kwa watoto 7 tu kwa klasta. Ukichukua deff ileile ukaipeleka kwenye maji, tena kwa kaya 27 kwa klasta, hakuna sababu yoyote ya kutarajia ibaki 2.

Mtakwimu wa timu alikataa kuendelea mpaka rho ipatikane. Aliipata katika ripoti ya utafiti wa zamani uliofanywa kwenye mazingira ya kufanana na haya. Kiambatisho chake kilikuwa na jedwali la makosa ya sampuli lenye safu iliyoandikwa DEFT. Hapa wengi huteleza, kwa sababu DEFT ni kipeuo cha pili cha deff: inaonyesha kosa sanifu limekua mara ngapi, wala si variansi. Kwa maji, DEFT ilikuwa 2.2, kwa hiyo deff ni 2.2 mara 2.2, yaani 4.84. Utafiti ule ulichukua wastani wa kaya 20 kwa klasta. Ukirudisha fomula nyuma, 4.84 toa 1, gawanya kwa 19, unapata rho ya karibu 0.20. Kwa kuharisha, DEFT ilikuwa 1.2 na kulikuwa na watoto kama 16 kwa klasta. Deff ni 1.44 na rho inatoka karibu 0.03.

Tofauti hiyo ya 0.20 na 0.03 ilibadilisha mpango mzima. Maji huja au hukosekana kwa kitongoji kizima, wakati kuharisha kwa mtoto hutegemea zaidi mambo ya ndani ya nyumba na ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo utafiti mmoja hauna deff moja. Kila kiashiria kina yake, na sampuli hupangwa kwa kiashiria ambacho uamuzi unakitegemea. Hapa kilikuwa maji.

Kisha ikaja gharama. Timu ilikadiria kwamba kuifungua klasta moja, pamoja na usafiri, kujitambulisha kwa viongozi na kuorodhesha kaya, kunagharimu sawa na mahojiano 20. Bajeti iliruhusu gharama ya mahojiano yapatayo 2,350 kwa kipimo hicho. Mipangilio minne iliwekwa mezani:

| Klasta × kaya | Kaya zote | deff ya maji | Nguvu halisi (kaya) | Ukingo wa kosa | Gharama |
|---|---|---|---|---|---|
| 30 × 27 | 810 | 6.2 | 131 | ±8.6 | 1,410 |
| 54 × 15 | 810 | 3.8 | 213 | ±6.7 | 1,890 |
| 72 × 12 | 864 | 3.2 | 270 | ±6.0 | 2,304 |
| 108 × 10 | 1,080 | 2.8 | 386 | ±5.0 | 3,240 |

Nguvu halisi ni idadi ya kaya gawanya kwa deff. Inajibu swali hili: mahojiano yote haya ni sawa na kaya ngapi za sampuli nasibu sahili? Safu mbili za juu zinastahili kutazamwa kwa makini. Zote zina kaya 810, lakini ya pili ina nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ya kwanza, kwa sababu tu kaya zile zile zimetawanywa katika klasta 54 badala ya 30. Kuongeza kaya ndani ya klasta zilezile kusingesaidia sana: hata ukihoji kila mtu katika klasta 30, bado umeviona vitongoji 30 tu.

Ukingo wa pointi 5 ulioandikwa kwenye hadidu za rejea haukuwezekana kwa bajeti iliyopo. Timu ilimwambia mteja hivyo kabla ya kwenda uwandani, ikamwonyesha jedwali hili, na wakakubaliana kwa maandishi klasta 72 za kaya 12 kwa ukingo unaotarajiwa wa pointi 6.

Uamuzi mwingine ulifanyika hapo hapo. Mteja alitaka makadirio ya mjini peke yake. Mji una asilimia 26 tu ya kaya, ila ukapewa theluthi ya klasta: 24 mjini, 48 vijijini.

## Uwandani

Klasta zilichaguliwa kwa uwezekano unaolingana na ukubwa wake, kila tabaka, yaani mjini na vijijini, kivyake. Mjini, maeneo yalipangwa kufuatana na jiografia na kaya zake zikajumlishwa moja baada ya nyingine hadi 12,000. Kaya 12,000 kwa klasta 24 ni hatua ya 500. Namba ya nasibu ya kuanzia ilitoka 137, kwa hiyo zikachaguliwa klasta zilizobeba kaya ya 137, ya 637, ya 1,137, na kuendelea. Klasta kubwa ina nafasi kubwa ya kuangukiwa na hatua. Baadaye, kwa kuwa kila klasta inatoa kaya 12 tu, kaya ya klasta kubwa ina nafasi ndogo ya kuchotwa. Nafasi hizo mbili zinafutana, na kaya zote za tabaka zinabaki na uzito mmoja, mradi idadi ya sensa bado ni sahihi.

Haikuwa sahihi. Sensa ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma, na mji ulikuwa umetanuka. Klasta moja ya pembezoni, iliyoandikwa kaya 100 kwenye orodha, waorodheshaji waliikuta na 240. Kaya zote 240 ziliorodheshwa na 12 zikachotwa, na idadi hiyo mpya ikahifadhiwa kwenye faili kando ya ile ya sensa. Kuihifadhi kulikuja kuokoa makadirio.

Klasta moja ya vijijini haikufikika kwa sababu ya mafuriko, hata baada ya kusubiriwa hadi wiki ya mwisho. Msimamizi alipendekeza ichukuliwe ya jirani iliyo karibu na barabara. Timu ilikataa. Klasta zisizofikika na zilizo kando ya barabara hazifanani hata kidogo kwa upande wa maji, na kubadilisha moja kwa nyingine ni kuficha tatizo ndani ya takwimu. Klasta ilihesabiwa kama isiyojibu, na uzito wa klasta 47 zilizobaki vijijini ukapandishwa kwa 48/47.

Tatizo la aina hiyo hiyo lilijitokeza kwa umbo dogo zaidi, na karibu lipite bila kuonekana. Katika klasta tano za kikosi kimoja, kaya 12 kati ya 12 zilihojiwa, zote kwa ziara ya kwanza. Kwingineko, kama kaya moja katika tano ilihitaji kurudiwa. Mkaguzi wa data alilinganisha alama za GPS za mahojiano na zile za orodha, akakuta mahojiano 7 yamefanyika nyumba ya pili au ya tatu kutoka ile iliyochaguliwa. Wadadisi walikuwa wakikuta mlango umefungwa, wanahamia kwa jirani. Katika utafiti wa maji kosa hili lina mwelekeo wake: nyumba inayofungwa asubuhi mara nyingi ni ile ambayo mtu wake yuko njiani kufuata maji mbali. Ukiiruka, unawaondoa kwenye sampuli watu walewale unaowatafuta. Mahojiano hayo 7 yaliondolewa, na kaya za awali zikatembelewa tena hadi mara tatu.

Mwishoni, kaya 852 zilichaguliwa katika klasta 71, na 806 zikahojiwa. Zilitoa watoto 640 wa chini ya miaka 5.

## Matokeo ya kwanza, na kwa nini yalirudishwa

Rasimu ya kwanza ya matokeo iliandaliwa na mchambuzi aliyepokea faili la data bila maelezo ya sampuli. Aliihesabu kama orodha ya kaya 806 zilizochotwa moja moja. Alipata asilimia 62 ya kaya zenye maji salama, kosa sanifu la pointi 1.7, na wigo wa uhakika wa 95% kuanzia 58.6 hadi 65.4. Wigo wote uko juu ya 55. Rasimu ikahitimisha kwamba lengo limefikiwa na awamu inaweza kufungwa.

Mtakwimu aliirudisha kwa mambo mawili, na ni muhimu kuyatenganisha, kwa sababu moja linasogeza makadirio yenyewe na jingine linabadilisha upana wa wigo.

La kwanza ni uzito. Uzito wa kaya ni kinyume cha uwezekano wake wa kuchaguliwa. Tuichukue ile klasta ya pembezoni mwa mji. Uwezekano wa klasta kuchaguliwa ni 24 × 100 / 12,000, yaani 0.20. Uwezekano wa kaya kuchotwa ndani yake ni 12/240, yaani 0.05. Kwa pamoja ni 0.01, na uzito ni 100. Klasta ya mjini ambayo idadi yake haikubadilika ina uzito wa 41.7 tu; ya vijijini ambayo haikubadilika, kama 59. Kisha kila uzito ulirekebishwa kwa kaya ambazo hazikupatikana ndani ya klasta.

Bila uzito, mji ulikuwa na sauti kubwa kuliko idadi yake, na ndani ya mji vitongoji vipya vya pembezoni, ambavyo bomba halijavifikia, vilikuwa na sauti ndogo kuliko idadi yao. Makosa hayo mawili yalivuta upande mmoja. Uzito ulipowekwa, mji ulishuka kutoka asilimia 83 hadi 76, vijijini wakabaki 51, na jumla ikashuka kutoka 62 hadi 58.

La pili ni klasta. Programu ya takwimu haiwezi kujua kwamba kaya 12 ni majirani mpaka iambiwe. Katika R, kwa kifurushi cha `survey`:

```r
library(survey)
d <- svydesign(ids = ~klasta, strata = ~tabaka,
               weights = ~uzito, data = kaya, nest = TRUE)
svymean(~maji, d, deff = "replace")
svyciprop(~maji, d, method = "logit")
degf(d)
```

Na katika Stata:

```stata
svyset klasta [pweight=uzito], strata(tabaka)
svy: proportion maji
estat effects
```

Safu ya `klasta` iwe na namba ya eneo la kuhesabia watu, si ya kaya wala ya mdadisi. Kosa hili hutokea mara kwa mara na programu hailalamiki. Dalili yake inaonekana kwenye `degf(d)`: kwa klasta 71 na matabaka 2 inapaswa kutoa 69. Ikitoa 804, umeiambia kwamba kila kaya ni klasta.

Kosa sanifu lilipanda kutoka pointi 1.7 hadi 3.5, na deff ikatoka 4.1. Wigo wa uhakika ulikuwa kuanzia 51 hadi 65. Kiwango cha 55 kiko ndani yake. Kwa data hii huwezi kusema lengo limefikiwa, wala huwezi kusema halijafikiwa.

Kwa kuharisha hadithi ni tofauti kabisa. Makadirio yenye uzito yalikuwa asilimia 17, deff 1.4, na wigo kutoka 13.5 hadi 20.5. Mchambuzi ambaye angeipuuza klasta hapa angekosea kidogo tu. Ndiyo maana kupima deff kwenye kiashiria kimoja na kuitumia kwa vingine vyote hakufai, hata ndani ya faili lile lile.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kupanga kwa rho iliyotokana na data badala ya deff ya mazoea ndiko kulikouokoa utafiti huu. Kama ungefanywa kwa klasta 30 za kaya 27 na rho iliyokuja kuonekana, ukingo ungezidi pointi 9, na swali la asilimia 55 lisingekaribiwa hata kidogo. Uorodheshaji mpya wa kila klasta nao ulilipa gharama yake: bila idadi ya 240, klasta ya pembezoni ingehesabiwa kwa uzito wa 41.7, na makadirio ya mji yangebaki juu bila mtu kugundua.

Ukaguzi wa kiwango cha kukamilisha mahojiano unastahili kuigwa. Kikosi chenye asilimia 100 kwa ziara ya kwanza kikaguliwe kabla ya kile chenye asilimia 90. Ukaguzi huu ufanyike kila jioni kazi ikiendelea, kwa sababu baada ya vikosi kuondoka hakuna njia ya kuzirudia kaya zilizorukwa.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Deff iliyotarajiwa ilikuwa 3.2, iliyopatikana 4.1. Pengo hilo lina sababu mbili zinazoweza kutenganishwa. Kwanza, fomula ya Kish iliyotumika kupanga inahesabu klasta tu. Uzito usiolingana unaongeza athari yake, inayokadiriwa kwa 1 jumlisha mraba wa mgawo wa mtawanyiko wa uzito. Hapa ilikuwa 1.15. Ukigawa 4.1 kwa 1.15 unabaki na karibu 3.57. Pili, kwa wastani wa mahojiano 11.35 kwa klasta, 3.57 inamaanisha rho ya 0.25, si 0.20. Mradi wenyewe huenda ulichangia hili, kwa sababu ulipeleka maji kitongoji kwa kitongoji na hivyo kuongeza tofauti kati ya klasta. Rho ya kiashiria kinacholengwa na mradi si vema ichukuliwe kutoka utafiti wa kabla ya mradi bila kuongezewa akiba.

Sehemu ya ile 1.15 ilinunuliwa kwa makusudi, pale mji ulipopewa klasta nyingi kuliko sehemu yake. Ni halali kuuliza kama ununuzi huo ulifaa. Makadirio ya mji peke yake yalitoka asilimia 76, lakini kwa klasta 24 tu wigo wake ulianzia 65 hadi 87. Upana wa pointi 22 haumsaidii mpangaji kuamua lolote la maana. Mteja alipoomba makadirio ya mji, timu ilipaswa kumkokotolea ukingo huo mapema kama ilivyofanya kwa jumla. Kwa ukingo huo mbele yake, yamkini angekubali klasta zigawanywe kwa uwiano wa kaya.

Kosa la mchambuzi pia lilikuwa la mpangilio wa kazi kuliko la mtu. Faili lilikuwa na safu za majibu, halikuwa na klasta, tabaka wala uzito. Safu hizo tatu, pamoja na idadi ya kaya kwenye sensa na kwenye orodha mpya, zinapaswa kuwemo ndani ya faili tangu siku ya kwanza. Data ikisambazwa bila hizo, hakuna atakayeweza kukokotoa kosa sanifu sahihi baadaye, hata akijua kwamba linahitajika.

Mtego mmoja ulikwepwa. Mteja aliomba takwimu za kuharisha kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 peke yao. Ukifuta safu za watoto wengine kabla ya kuita `svydesign`, klasta ambazo hazina mtoto wa umri huo zinapotea kabisa, na variansi inakokotolewa kana kwamba hazikuchaguliwa kamwe. Njia sahihi ni kueleza usanifu `d` kwa data nzima ya watoto, kisha kutumia `subset(d, miezi >= 6 & miezi <= 23)`, au `svy, subpop()` katika Stata.

## Hatua iliyofuata

Awamu haikufungwa. Ripoti ya mwisho ilitoa asilimia 58, ikaweka wigo wa 51 hadi 65 kwenye sentensi ile ile, na kuorodhesha deff na rho za viashiria vyote kwenye kiambatisho kwa matumizi ya mpangaji anayefuata.

Mteja aliamua kupima tena baada ya mwaka, na timu ikashauri kurudi kwenye klasta zilezile 71, kuorodhesha upya na kuchota kaya mpya. Sababu iko kwenye variansi ya tofauti. Kwa sampuli mbili zinazojitegemea zenye kosa sanifu la pointi 3.5 kila moja, kosa sanifu la badiliko ni karibu pointi 5, na badiliko lolote chini ya pointi 10 litabaki na shaka. Kwenye klasta zilezile, tofauti za kudumu kati ya vitongoji zinajifuta zenyewe. Ikiwa uhusiano wa makadirio ya duru mbili ni 0.6, kosa sanifu la badiliko linashuka hadi karibu 3.1, na badiliko la pointi 6 au 7 linaanza kuonekana bila kuongeza mahojiano hata moja. Sharti ni kwamba namba za klasta zibaki zilezile katika mafaili ya duru zote mbili, na vitongoji vilivyozaliwa nje ya mipaka ya zamani vipewe tabaka lao na klasta zao.